Namba 17 Ibaki 17: Katalogi ya Rangi za Mdomo na za Kucha Isiyomdanganya Mteja

Ukipita Dubois Road jijini Nairobi asubuhi maduka yanapofunguliwa, utaona rangi za mdomo zimepangwa kwa makumi kwenye kabati la kioo la kila kibanda, na muuzaji anazitofautisha kwa jicho bila hata kusoma kibandiko. Zipige picha hapo hapo kwa simu, chini ya taa ya dukani, uzipandishe kwenye katalogi ya WhatsApp, na nyingi zitageuka kuwa rangi moja. Damu ya mzee, zambarau iliyoiva na kahawia ya kakao zitatoka kama mapacha watatu. Mteja wa Rongai ataagiza namba 19, apokee mzigo kwa mtu wa boda, kisha simu yako iite: "Dada, hii siyo ile niliona." Nauli ya kurudisha ni yako.

Dawa ambayo wengi hukimbilia ni kuongeza rangi kwenye picha mpaka kila moja ing'ae kivyake. Hapo rangi zitatofautiana kweli, lakini zitakuwa za uongo. Kazi yenyewe ni kupata yote mawili kwa pamoja: kila namba ionekane tofauti na jirani yake, na tofauti hiyo iwe ile ile iliyomo kwenye chupa. Nitatumia mfano wa duka lenye rangi 24, yaani 14 za mdomo na 10 za kucha. Vifaa ni simu yenye kamera inayoweza kurekebishwa kwa mkono, kadi ya kijivu ya wapiga picha, kompyuta yenye programu ya bure ya GIMP, na kiasi cha tepu nyeupe ya fundi wa mifereji. Ya tepu nitaeleza.

Hatua ya 1: Zipange mezani kabla ya kugusa kamera

Toa zote 24 kwenye vifuniko na uzipange kwa familia, siyo kwa kampuni. Nyekundu zikae na nyekundu, pinki na pinki, kahawia na zile za rangi ya ngozi upande wao, zambarau na damu ya mzee upande mwingine. Ndani ya kila familia anza na iliyo nyepesi umalizie na iliyokolea. Halafu zipe namba zako mwenyewe kwa mpangilio huo, M01 hadi M14 za mdomo na K15 hadi K24 za kucha. Kibandiko chenye namba ubandike kwenye chombo chenyewe, kwa sababu kifuniko huhamia chombo kingine kabla hujamaliza kunywa chai.

Majina ya kiwandani yaandike kwenye daftari, lakini usiyategemee. Kampuni mbili zinaweza kuita rangi mbili tofauti kwa jina moja, na kampuni moja ikauza rangi ile ile kwa majina mawili, moja isiyong'aa na nyingine yenye mng'ao. Andika pia namba ya toleo iliyochapwa chini ya chombo. Utaihitaji mzigo mpya ukija.

Hapa mezani ndipo utakapowajua majirani wagumu. Katika rangi 24 huwa kuna jozi nne au tano ambazo hata wewe unasitasita kuzitofautisha. Zizungushie duara kwenye daftari, kwani sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni kwa ajili yao.

Hatua ya 2: Tafuta mwanga wenye rangi zote ndani yake

Taa ya duka ndiyo mchawi wa kwanza. Balbu inaweza kuonekana nyeupe machoni na bado ikawa na upungufu mkubwa wa nyekundu iliyokolea. Kwenye pakiti ya balbu za LED utaona CRI 80, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi. Kipimo hicho ni wastani wa rangi 8 za majaribio, zote zilizopooza, na nyekundu iliyokolea haimo. Ina kipimo chake cha pembeni kiitwacho R9, na balbu yenye CRI 80 inaweza kuwa na R9 inayokaribia sifuri. Chini ya balbu kama hiyo nyekundu zako zote huelekea kwenye ukahawia, na hakuna programu itakayokurudishia kitu ambacho taa haikukimulika. Ukilazimika kupiga picha ndani ya jengo, uliza madukani Luthuli Avenue balbu iliyoandikwa CRI 95 au zaidi, na iwe na R9 iliyotajwa kwenye pakiti. Muuzaji asipojua R9 ni nini, soma pakiti mwenyewe.

Taa ya manjano ina shida nyingine. Zambarau na damu ya mzee hutofautiana kwa kiasi cha bluu ambacho kila moja hurudisha. Taa ikiwa na bluu kidogo, hizo mbili hazina cha kurudisha, kwa hiyo zinafanana. Simu haijakosea hapo. Imepiga picha ya kilichokuwepo.

Mwanga wa bure ulio bora kuliko yote ni wa dirishani, bila jua kuingia moja kwa moja. Nairobi ipo kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo jua letu huhama upande. Kuanzia Aprili hadi Agosti saa sita mchana jua huwa upande wa kaskazini, na dirisha linalotazama kusini hukaa kivulini siku nzima. Desemba mambo yanageuka, na dirisha la kaskazini ndilo linalofaa. Ile baridi ya Julai yenye mawingu ambayo kila mtu huilalamikia ni zawadi kwa kazi hii, kwa kuwa wingu zima linageuka taa moja kubwa isiyo na vivuli vikali. Piga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na maliza familia nzima kwa mkao mmoja. Siku ya mawingu yanayokuja na kuondoka iache, maana M05 itapigwa juani na M06 kivulini.

Kisha tazama kilicho karibu na meza. Ukuta wa kijani, pazia la machungwa au jengo la jirani lenye vioo vya bluu vyote humwaga rangi yao kwenye bidhaa. Hata blauzi yako. Vaa nyeusi au kijivu siku hiyo, na taa zote za ndani zizime, kwa sababu mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa balbu hauwezi kusawazishwa.

Hatua ya 3: Sampuli za mdomo

Usichukue rangi kutoka kwenye kijiti chenyewe. Kijiti ni tabaka nene, kwa hiyo huonekana kimekolea kuliko itakavyokuwa mdomoni. Pia kimejaa kingo zinazong'aa. Picha ya kijiti iwepo kwa mapambo, lakini rangi ya katalogi itoke kwenye sampuli iliyopakwa.

Karatasi ya kawaida haifai kwa sampuli, kwani hunyonya mafuta na kuacha duara la unyevu linalotia rangi giza. Tumia plastiki angavu ya kufungia ripoti, iliyowekwa juu ya karatasi nyeupe. Paka mstatili wa sentimita 2 kwa 4, mara tatu kuelekea upande mmoja, na kwa uzito ule ule kwa kila namba. Rangi ya maji isiyong'aa iache ikauke kabisa, angalau dakika 10, maana nyingi hukolea zikikauka. Ukipiga moja ikiwa mbichi na nyingine kavu, umeshatengeneza tofauti isiyokuwepo.

Kuna zile za kujigeuza, ambazo kijiti ni kijani au machungwa na mdomoni hutokea pinki. Hizo plastiki haiziamshi, kwa kuwa dawa yake hubadilika ikikutana na unyevu wa ngozi. Ipake kwenye ngozi, subiri dakika chache, na katika katalogi weka kijiti na matokeo kando kwa kando.

Baada ya plastiki njoo kwenye ngozi. Omba mikono mitatu: ya mtu mweupe wa kwetu, ya maji ya kunde, na ya mweusi kabisa. Paka sehemu ya ndani ya mkono, chini ya kiganja, rangi zote za familia moja zikifuatana. Hapa ndipo zile za rangi ya ngozi huumbuka. M03 ambayo kwenye mkono mweupe ni kahawia ya maziwa, kwenye mkono mweusi inaweza kuonekana kama chaki yenye upinki. Hilo si kosa la picha. Ni habari ambayo mteja anaihitaji, na duka likiificha litarudishiwa mzigo. Ukipata mdomo wa mtu aliye tayari, vizuri zaidi, hasa wenye midomo ya rangi mbili, juu nyeusi na chini ya pinki, kwa sababu rangi nyepesi haizifuniki zote sawa. Ila uso ukiingia kwenye picha, hakikisha ile kazi ya kulainisha ngozi kwenye kamera imezimwa. Hulainisha na kuangaza bila kukuuliza.

Hatua ya 4: Sampuli za kucha

Rangi ya kucha inadanganya kwa namna yake. Kwenye chupa unatazama sentimita nzima ya rangi, ilhali kwenye ukucha ni ngozi nyembamba tu. Nyingi zinazoonekana nyeusi chupani ni zambarau au kijani kibichi zikipakwa.

Kwanza zungusha chupa kati ya viganja kwa dakika moja hivi. Usiitikise juu na chini, utaingiza mapovu. Rangi iliyokaa muda rafuni hushuka, na brashi ikichota juu tu utapata rangi iliyopauka. Paka kwenye kucha bandia za plastiki angavu, tabaka mbili, ukingoja la kwanza likauke. Ya jeli paka jinsi chupa inavyoagiza na uiweke chini ya taa yake kwa muda ulioandikwa, kwa sababu isipoiva vizuri hubaki na utando unaong'aa ovyo. Kama baada ya tabaka mbili bado unaona alama ya kalamu uliyoichora chini ya ukucha, rangi hiyo ni ya kupenya mwanga. Ongeza tabaka la tatu na uandike kwenye katalogi "tabaka 3". Usimwonyeshe mteja tabaka tatu ukamwacha aamini ni mbili.

Bandika kucha zote 10 kwenye kadi moja kwa gundi ya vipande, zikielekea upande mmoja na zikiwa zimelala sawa. Ukucha uliogeuka kidogo hushika mwanga tofauti na kuonekana rangi nyingine.

Hatua ya 5: Picha ya familia

Siri kubwa ya mwongozo huu ni hii: kabla ya kupiga rangi moja moja, piga familia nzima katika fremu moja. Simu hujaribu kuboresha kila picha kivyake. Ikiona nyeusi nyingi huangaza, ikiona nyekundu nyingi huipooza. Rangi zikiwa pamoja hupata marekebisho ya aina moja, na uhusiano kati yao unabaki.

Tandika manila ya kijivu kama mandhari. Nyeupe tupu huifanya simu itie giza picha nzima, na rangi zako zilizokolea huzama weusini. Weka sampuli katikati. Kwenye kona weka kadi ya kijivu na kipande cha tepu ya fundi wa mifereji iliyokunjwa tabaka kama 12 hadi isipenye mwanga. Tepu hiyo ni plastiki ya PTFE, ambayo hurudisha rangi zote za mwanga karibu sawasawa. Karatasi ya ofisini haifanyi kazi hiyo, maana imetiwa dawa ya kung'arisha inayogeuza miale isiyoonekana kuwa ubluu. Ukiitumia kama kipimo cha weupe, picha yako yote itavutwa kuelekea manjano.

Fungua kamera upande wa `Pro`. Weka ISO 100, mizani ya weupe 5500K, na uifunge hapo. Zima flashi, HDR na kila kichujio. Simama wima juu ya sampuli, mwanga wa dirisha ukitokea upande mmoja. Sampuli yenye mng'ao ikirudisha taswira ya dirisha kama mstari mweupe, izungushe hadi mstari uondoke. Rekebisha kasi ya kamera hadi ile tepu iwe nyeupe lakini bado unaona mikunjo yake. Sasa usiguse tena kitu. Piga familia, kisha piga moja moja kwa mipangilio ile ile.

Zenye vimetameta zinahitaji picha mbili, moja mwanga ukitoka pembeni na moja ukitoka mbele, kwa kuwa rangi ya msingi na rangi ya cheche haziwezi kuonekana vizuri pamoja.

Hatua ya 6: Sawazisha, kisha pima

Hamisha picha kwenye kompyuta bila kuipitisha WhatsApp, ambayo huibana. Tumia waya. Ifungue katika GIMP, nenda `Colors > Levels`, chukua kile kidude cha katikati cha kuchagua kijivu, na ubofye kadi ya kijivu. Hifadhi mpangilio huo kwa jina, halafu uutumie kwa picha zote za familia hiyo. Kusawazisha kila picha upya kunarudisha ugonjwa uleule tulioukimbia.

Hakikisha kwa kusoma namba. Chagua `Color Picker`, washa `Sample average` na uweke `Radius` ya kutosha kufunika sehemu pana ya sampuli. Soma tepu: namba za R, G na B, yaani nyekundu, kijani na bluu, zisipishane kwa zaidi ya 3, na hakuna inayogusa 255. Zikipishana sana, bofya kijivu upya au tafuta pazia ulilolisahau.

Sasa soma kila sampuli, ila badilisha kipimo kiwe `CIE LAB`. Utapata namba tatu. L ni mwanga, kutoka 0 ya weusi hadi 100 ya weupe. Namba a ikipanda rangi inaelekea wekundu, ikishuka inaelekea kijani. Namba b ikipanda inaelekea manjano, ikishuka inaelekea bluu. Ziandike kwenye jedwali la kompyuta, namba ya bidhaa kwenye safu ya A, na L, a, b kwenye B, C na D. Umbali kati ya rangi mbili unapatikana hivi:

```
=SQRT(SUMXMY2(B2:D2,B3:D3))
```

Jicho la kawaida huanza kuhisi tofauti umbali ukifika 2.3 hivi, rangi zikiwa zimegusana. Kwenye katalogi hazigusani, na skrini ni ya kiganjani. Mimi huchukulia kwamba chini ya 3 mteja ataona rangi moja, kati ya 3 na 5 atahitaji picha ya ulinganisho, na juu ya 5 namba inajitegemea. Kwa nyekundu kali na pinki za moto ninadai 8, kwa sababu fomula hii hutia chumvi kwenye rangi zilizokolea na kuonyesha tofauti kubwa kuliko jicho linavyoiona.

Mfano wetu: 12, 13 na 14

Hawa ndio wale mapacha watatu. M12 ni damu ya mzee, M13 ni zambarau iliyoiva, M14 ni kahawia ya kakao. Zilipopigwa chini ya taa ya manjano ya dukani, simu ikijiamulia yenyewe, usomaji ulikuwa hivi: M12 ilitoa L 34, a 37, b 24. M13 ilitoa 33, 36, 21. M14 ilitoa 34, 35, 25. Umbali wa M12 na M13 ni 3.3, na wa M12 na M14 ni 2.2 tu. Kwa mteja asiye na picha ya ulinganisho hiyo ni rangi moja yenye namba tatu.

Sampuli zile zile, dirishani na kadi ya kijivu, zilitoa 30, 34, 15 kwa M12, kisha 27, 31, 6 kwa M13, na 31, 30, 19 kwa M14. Umbali wa M12 na M13 sasa ni 9.9. M12 na M14 ni 5.7, na M13 na M14 ni 13.6. Hakuna aliyeongeza rangi. Tazama ile b ya M13: imeshuka kutoka 21 hadi 6. Huo ndio ule ubluu ambao taa ya manjano iliumeza, na ndio unaoifanya zambarau iwe zambarau.

M12 na M14 zimevuka 5 kwa shida, na hapo ndipo kishawishi huja. Ukivuta M14 kidogo kuelekea manjano itapendeza kwenye skrini, na atakayeipokea atasema si hiyo. Iache. Badala yake tumia mpangilio: usiwaweke jirani bila mtu wa tatu kati yao. Weka M13 katikati, jicho lipate cha kulinganishia. Ongeza picha moja ya mkono wenye zote tatu, na maneno yanayosema tofauti yenyewe: "M14 ina ukahawia zaidi ya M12, haina upinki, haing'ai." Maneno kama "ya kuvutia" hayamsaidii anayechagua kati ya mbili.

Kama unataka kisanduku cha rangi kando ya picha, chukua wastani uleule wa sampuli. M12 inakaribia `#7A2D31`. Kisanduku hicho hakionyeshi mng'ao wala uzito, kwa hiyo kiwe kando ya sampuli na kisichukue nafasi yake.

Rangi ambazo skrini haziwezi

Kati ya zile 10 za kucha, K21 ni pinki ya neoni, na hapa kazi yote ya juu inagonga mwamba. Rangi ya neoni hunyonya miale mingine na kuirudisha kama mwanga wake yenyewe, ndiyo maana huonekana imewashwa. Skrini nyingi za simu hazina pinki ya nguvu hiyo. Utaitambua kwa kusoma R: itakuwa imegota 255 eneo lote, na sampuli itaonekana kama kibandiko bapa kisicho na kivuli. Nyekundu kali za mdomo hufanya hivyo pia, lakini hizo huponywa kwa kupunguza mwangaza kidogo wakati wa kupiga. Neoni haiponi. Ipige ikiwa na giza kidogo ili umbo libaki, na uandike wazi kwamba kwa macho ni kali kuliko picha.

Kuhifadhi, kutuma, kuchapisha

Hifadhi kwa mfumo wa rangi wa `sRGB`. Picha za iPhone huja na mfumo mpana zaidi uitwao Display P3, na ukipandishwa mahali pasipousoma, nyekundu zako hupauka, kwa hiyo zibadilishe kabla ya kutuma. Ukitoa JPEG kwenye GIMP weka ubora 90 na katika `Subsampling` uchague `4:4:4 (best quality)`. Chaguo la chini hupunguza maelezo ya rangi na kubakiza ya mwanga, na nyekundu ndiyo huumia kwanza: ukingo wa mdomo huvuja kwenye ngozi kama rangi iliyopakwa na mtu mwenye haraka.

Jaribu katalogi kwenye simu tatu: ya bei nafuu, Samsung, na iPhone. Kwenye Samsung tazama skrini ikiwa `Vivid` kisha `Natural`, kwenye iPhone zima `True Tone` na `Night Shift`. Rangi zitapishana kati ya simu na simu, hilo huwezi kulizuia. Unachokagua ni kama M12, M13 na M14 bado ni tatu kwenye kila moja. Wape watu wawili ambao hawajaona bidhaa wazitaje kwa mpangilio.

Ukienda River Road kuchapisha, peleka faili kwenye flashi na udai karatasi moja ya majaribio kabla ya oda nzima. Wino nne za mashine haziwezi pinki za moto na zambarau angavu, na karatasi isiyong'aa hutia giza zaidi. Toka na karatasi hiyo nje ya duka, uiweke kando ya sampuli za plastiki mchana. Rangi ya karatasi ikiwa imeegemea manjano kote, fundi anaweza kurekebisha. Ikiwa ni K21 peke yake iliyopooza, mashine imefika mwisho wake.

Mzigo mpya ukifika

Sampuli za plastiki zitunze kwenye bahasha gizani, zikiwa na namba na toleo. Viwanda hubadilisha mchanganyiko bila kutangaza. Toleo likiwa jipya, paka sampuli mpya kando ya ile ya zamani, zipige fremu moja, upime umbali. Ya zamani yenyewe hukauka na kubadilika baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo linganisha pia na namba za jedwali. Ukipata chini ya 3, picha ya zamani inaendelea kutumika. Ikizidi hapo, piga upya namba hiyo pamoja na majirani zake wawili, dirisha lile lile, kadi ile ile, na ubadilishe zote tatu kwenye katalogi siku moja.